Miezi Ile Ile, Mpangilio Mwingine

Mwaka 1966 William Sharpe, mwanauchumi wa Marekani aliyekuwa na miaka thelathini na ushee tu, alichapisha kazi aliyopima ndani yake mifuko 34 ya uwekezaji wa pamoja kwa kipindi cha miaka kumi, kuanzia 1954 hadi 1963. Hakuuliza ni mfuko upi uliopata faida kubwa kuliko mingine. Kwanza alitoa kwenye faida ya kila mfuko kile ambacho mwenye fedha angekipata bila kuhatarisha chochote, yaani riba ya hati za serikali, ambayo aliihesabu kuwa asilimia 3 kwa mwaka. Kilichobaki akakigawa kwa mtawanyiko wa faida za mfuko huo mwaka hadi mwaka. Kila mfuko ukapata namba moja. Wastani wa mifuko yote 34 ulikuwa 0.633. Kipimo cha hisa za Dow Jones, ambacho hakina meneja wa kulipwa mshahara, kilipata 0.667. Mifuko 11 ilikishinda na 23 ikabaki nyuma.

Sharpe hakuipa namba hiyo jina lake. Walioitumia baada yake ndio waliombandikia, na mwaka 1990 alipopata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Harry Markowitz na Merton Miller, kila dawati la uwekezaji lilikuwa likiizungumzia. Ninachokipenda katika kazi ile ni ubahili wake. Kutoa mara moja, kugawanya mara moja, basi. Hakuna mizani ya siri wala alama zinazotolewa na kamati. Mtu mwenye karatasi, kalamu na orodha ya faida anaweza kukagua kazi ya meneja anayelipwa mamilioni. Lakini kipimo kinyamavu namna hiyo kinataka msomaji mvumilivu, kwa kuwa kimeacha mengi nje, na ufundi wenyewe umo katika kujua kimeacha nini.

Nimewahi kukaa kando ya mzee mmoja wa Nairobi, mkaguzi wa hesabu mstaafu, ambaye wadhamini wa mfuko mdogo wa pensheni humwita kila wanapoletewa meneja mpya. Michoro ya rangi haimgusi. Ukimfungulia kitabu cha maelezo chenye picha ya simba na wimbi la bahari, anakifunga taratibu na kuomba kitu kimoja: faida ya kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza, bila kurukwa hata mmoja, na baada ya ada zote kukatwa. Akipewa za mwaka mzimamzima anazirudisha. Mwaka, anasema, ni pazia. Nyuma yake mtu anaweza kuanguka na kuinuka bila kuonekana.

Zoezi alilonipa lilikuwa na miezi 12 tu. Kwa asilimia, faida zake zilikuwa 4, 6, kisha hasara ya 3, halafu 5, 4, hasara ya 5, halafu 6, 2, hasara ya 4, na mwisho 5, 0 na 4. Zijumlishe unapata 24, kwa hiyo wastani ni asilimia 2 kwa mwezi. Kijana wa mauzo angeishia hapo. Mzee akaniambia nitoe asilimia 1 ya kila mwezi, kwa sababu katika zoezi lake hati za hazina zilikuwa zikilipa kiasi hicho. Kwa mwaka ni kama asilimia 12, jambo lisilo la ajabu kwa shilingi ya Kenya: katikati ya 2024 hati za siku 91 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16. Hatua hii ndogo ndiyo inayorukwa zaidi kuliko zote. Meneja aliyetangaza faida ya asilimia 14 katika mwaka kama huo, kwa kucheza na hisa zinazopanda na kushuka, alibeba hatari ya mwaka mzima na akapitwa na mtu aliyeikopesha serikali akalala. Uwiano wake ni hasi, hata kama ripoti imechapishwa kwenye karatasi ya kung'aa.

Basi ziada ni asilimia 1 kwa mwezi. Kinachofuata ni mtawanyiko, na hapa mzee hana haraka. Kwa kila mwezi unatazama faida ilikuwa mbali kiasi gani na wastani wa 2. Mwezi wa faida ya 4 uko mbali kwa 2. Mwezi wa hasara ya 5 uko mbali kwa 7. Kila umbali unauzidisha kwa wenyewe, hivyo wa kwanza unakuwa 4 na wa pili 49, na hapo tayari unaona tabia ya kipimo hiki: kinaichukia miezi iliyopotea mbali kuliko kinavyoijali ile iliyotangatanga karibu. Jumla ya miezi yote ni 176. Unaigawa kwa 11, si kwa 12, kwa sababu wastani wenyewe umetoka katika miezi hiyo hiyo na umeshatumia uhuru wa mmoja wao. Unapata 16, na kipeuo cha pili cha 16 ni 4. Ziada ya 1 ukiigawa kwa mtawanyiko wa 4 ni 0.25.

Hiyo ni ya mwezi. Ili kuipeleka kwenye mwaka, ziada unaizidisha kwa 12, lakini mtawanyiko hauuzidishi kwa 12, kwa kuwa miezi isiyofuatana kwa mpango hufutana kwa sehemu, huyu akipanda yule akishuka. Mtawanyiko hukua kwa kipeuo cha pili cha 12 tu, ambacho ni kama 3.46. Ukivigawanya, uwiano wote unakua mara 3.46, na 0.25 yetu inakuwa 0.87. Kwa soko la hisa hiyo ni namba nzuri. Mzee aliipigia mstari mmoja, si miwili.

Kisha akachukua karatasi nyingine na kuandika miezi ile ile 12 kwa mpangilio mwingine: 4, 6, 5, 4, 6, halafu hasara ya 3, hasara ya 5, hasara ya 4, halafu 0, 2, 5 na 4. Akaniuliza uwiano wa Sharpe ni ngapi. Sikuhitaji kuhesabu. Wastani haujui mwezi gani ulitangulia, na mtawanyiko haujui pia. Jibu ni 0.87, bila kubadilika hata nukta. Hata mwisho wa mwaka ni ule ule: shilingi 100,000 zinaishia kuwa 125,735 katika karatasi zote mbili, kwa sababu kuzidisha hakujali nani alianza.

Lakini aliyewekeza katika karatasi ya kwanza na aliyewekeza katika ya pili hawakuishi mwaka mmoja. Kipimo cha pili kimetengenezwa kwa ajili ya tofauti hiyo. Jinsi ya kukipata ni hivi: unafuata thamani ya fedha mwezi baada ya mwezi, na pembeni unaandika kilele cha juu kabisa kilichofikiwa hadi siku hiyo. Kilele hakishuki kamwe. Kinabaki pale pale hadi kivukwe. Kila mwezi unauliza tuko chini ya kilele kwa asilimia ngapi, na kubwa kuliko zote katika orodha nzima ndiyo mporomoko mkubwa zaidi.

Katika karatasi ya kwanza kila hasara inafuatwa na mwezi mzuri unaoifuta. Hasara ya 5 inafuatwa na faida ya 6, ya 4 inafuatwa na 5. Mporomoko mkubwa zaidi ni asilimia 5 tu, na umedumu mwezi mmoja. Katika ya pili, fedha zinapanda hadi 127,605 mwishoni mwa mwezi wa tano, kisha hasara tatu zinapangana hadi 112,884. Hiyo ni asilimia 11.5 chini ya kilele, zaidi ya maradufu ya ile ya kwanza. Tena mwezi wa sifuri unakuja hapo hapo, wakati kila mtu anasubiri kuinuka. Hadi Desemba, pamoja na miezi mitatu ya faida, mwenye fedha bado yuko chini ya kilele chake kwa asilimia moja na nusu. Mfuko wa pensheni unaolipa wastaafu kila mwezi ungelazimika kuuza vipande vyake katikati ya bonde lile, na vilivyouzwa havishiriki katika kupanda tena. Kwa mfuko kama huo hata ile 125,735 ya mwisho ingekuwa ndoto.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mzee hawezi kuvitenganisha vipimo hivi viwili. Cha kwanza kinachanganya miezi yote katika sufuria moja na kuonja mchuzi. Cha pili kinauliza ilipakuliwa kwa zamu gani. Kimoja hakijui mpangilio, kingine hakijui kitu kingine ila mpangilio.

Katika masoko halisi mambo ni makubwa kuliko zoezi. Kipimo cha S&P 500 cha hisa kubwa za Marekani kilifunga kwenye 1,565.15 tarehe 9 Oktoba 2007. Tarehe 9 Machi 2009 kilifunga kwenye 676.53. Mporomoko ulikuwa asilimia 56.8. Ili kurudi pale kilipokuwa, hakikuhitaji kupanda kwa asilimia 56.8, kilihitaji asilimia 131, kwa sababu kilikuwa kinapanda kutoka kwenye kitu kidogo. Kiliuvuka ule urefu wa zamani tarehe 28 Machi 2013, miaka mitano na nusu baada ya kilele, bila kuhesabu gawio. Na anayetazama mwisho wa mwezi peke yake angeona bonde lenye kina kidogo zaidi: kutoka 1,549.38 mwishoni mwa Oktoba 2007 hadi 735.09 mwishoni mwa Februari 2009, asilimia 52.6. Zile asilimia nne zimepotelea kati ya tarehe za mwisho wa mwezi. Ndiyo maana mzee, akiandika mporomoko, huandika pembeni kama umepimwa kwa siku au kwa mwezi, na halinganishi wa siku wa huyu na wa mwezi wa yule.

Urefu wa bonde, yaani muda kutoka kilele hadi kurudi kileleni, anauandika kwenye mstari wake. Kurudi si haki ya mtu. Kipimo cha NSE 20 cha soko la hisa la Nairobi kilivuka 6,000 mwanzoni mwa 2007. Mwaka 2023 kilishuka chini ya 1,500. Mporomoko wa namna hiyo, hata ukiongeza gawio la miaka yote, hausimuliwi kwa asilimia peke yake.

Jambo la tatu alilonionyesha linahusu mkopo, na nadhani ndilo lililonifanya niheshimu ndoa ya vipimo hivi. Tuseme meneja wa karatasi ya pili anakopa kiasi sawa na mtaji wake kwa riba ya hati za hazina, kisha anawekeza vyote viwili. Mwezi wa hasara ya 3 unakuwa hasara ya 7: mara mbili ya 3, pamoja na asilimia 1 ya riba ya mkopo. Hasara ya 5 inakuwa 11, ya 4 inakuwa 9, na hata mwezi wa sifuri unakuwa hasara ya 1. Ziada yake ya wastani imepanda kutoka 1 hadi 2 kwa mwezi, na mtawanyiko umepanda kutoka 4 hadi 8. Gawanya: 0.25 tena. Uwiano wa Sharpe haujashtuka. Mporomoko, kwa upande wake, umeruka kutoka asilimia 11.5 hadi 25.4.

Wapo wanaoiona tabia hii ya uwiano kuwa kasoro. Mimi naiona kuwa sifa. Uwiano unapima ubora wa mbinu, na mbinu haiwi bora kwa sababu aliyeishika ana mkopo. Kiasi cha mkopo ni uamuzi mwingine, na mporomoko ndio unaouona. Meneja akija na uwiano wa 0.87 na mporomoko wa asilimia 11, mwingine akaja na uwiano ule ule na mporomoko wa 25, swali la kwanza la mzee si nani stadi zaidi. Ni nani amekopa.

Lakini vipimo vyote viwili vinashiriki upofu mmoja: vinaona kilichotokea tu. Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua uliandikwa na Andrew Lo, profesa wa fedha wa MIT, mwaka 2001. Alibuni mfuko wa karatasini na kuuita Capital Decimation Partners, jina ambalo peke yake lilipaswa kumfanya mtu atoke mbio, maana ni mfuko unaoahidi kuangamiza mtaji. Mbinu yake haina akili yoyote. Kila mara unauza mikataba inayomlipa mnunuzi ikiwa kipimo cha S&P 500 kitashuka chini ya kiwango kilicho kama asilimia 7 chini ya bei ya sasa. Ni biashara ya bima dhidi ya soko kuanguka: unapokea ada leo, na mara nyingi soko halianguki kiasi hicho, ada inabaki yako.

Lo aliuendesha mfuko huo juu ya bei halisi za Januari 1992 hadi Desemba 1999, miezi 96. Uwiano wa Sharpe kwa mwaka ulitoka 1.94, wakati soko lenyewe lilipata 0.98. Miezi ya hasara ilikuwa 6 tu kati ya 96. Soko lilikuwa nayo 36. Mbaya kuliko yote ilikuwa hasara ya asilimia 18.3 kwa mwezi mmoja, ile ya soko ilikuwa 8.9. Ukipewa kijitabu cha mfuko huu bila kuambiwa unafanya nini, na ukapima kwa Sharpe peke yake, ungeusaini. Na kama kijitabu kingekuwa cha nusu ya kwanza tu ya muongo ule, kabla ya msukosuko wa 1998, hata mporomoko usingekuzuia. Hasara ya kweli ya mwuza bima hukaa katika siku ambayo bado haijafika.

Je, orodha ya namba inaweza kujisaliti? Mzee anaamini inaweza, na njia yake ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Mfuko wa Lo ulipata wastani wa asilimia 3.7 kwa mwezi, mtawanyiko 5.8. Kama faida zake zingekuwa zimetawanyika kwa umbo la kawaida la kengele, mwezi wa hasara ungetarajiwa takriban mara 26 katika kila 100, yaani kama miezi 25 kati ya 96. Ilikuwa 6. Fanya hivyo kwa soko, lenye wastani wa 1.4 na mtawanyiko wa 3.6: zinatarajiwa hasara 33 au 34, zilitokea 36, karibu kabisa. Pengo kati ya 25 na 6 ndilo harufu ya moshi. Mtawanyiko mkubwa unaosema mtu huyu anatikisika, na miezi ya hasara michache inayosema hatikisiki, haviwezi vyote kuwa vya mtu anayenunua na kuuza hisa kawaida. Mahali fulani kuna mikataba inayolipwa kidogo kidogo na kudai kwa mkupuo. Hapo mzee anaacha kalamu na kuuliza kwa mdomo: “Kijana wangu, hizi faida, nani anayezilipa, na kwa nini anakubali kukulipa?” Swali hilo haliko katika kipimo chochote kati ya hivi viwili. Vipimo vimemfikisha mlangoni tu.

Mporomoko nao una udhaifu wake wa peke yake, na fundi haufichi. Ni namba iliyotoka katika njia moja tu ya historia, kutoka katika nukta mbili tu, kilele na bonde. Miezi mingine yote haina sauti. Tena haiwezi kupungua kadiri miaka inavyoongezeka, inaweza kubaki au kukua tu. Meneja wa miaka 20 mwenye mporomoko wa asilimia 30 anaweza kuwa mwangalifu kuliko wa miaka 2 mwenye asilimia 10, ambaye hajakutana na dhoruba yoyote. Kuwapanga katika safu moja ni dhuluma kwa yule mkongwe.

Dawa ya mzee ni kuichanganya miezi kama karata. Anachukua orodha, anaiacha kompyuta iipange upya mara elfu kadhaa kwa bahati nasibu, na kila mara anapima mporomoko. Katika zoezi letu unaweza kufanya hivyo hata kwa kichwa. Hakuna mpangilio wowote wenye mporomoko chini ya asilimia 5, kwa kuwa ule mwezi wa hasara ya 5 lazima ukae mahali fulani, wala hakuna unaozidi 11.5, ambao hutokea hasara zote tatu zikifuatana. Mwezi wa sifuri hauzuii kitu, uwe katikati yao au la. Uweke kando, ibaki miezi 11: nafasi tatu za hasara zinaweza kupangwa kwa njia 165, na njia 9 kati ya hizo zinaziweka zote pamoja. Ni mara moja katika kila 18 hivi. Karatasi ya pili, basi, haikuwa balaa isiyotarajiwa. Ilikuwa bahati mbaya ya kawaida, na meneja wa karatasi ya kwanza, anayejisifu kwa mporomoko wa asilimia 5, alipewa karata nzuri.

Anaongeza tahadhari moja. Kuchanganya mwezi mmoja mmoja kunadhani kwamba miezi haijuani, na katika shida miezi hujuana sana. Kuanzia Septemba 2008, S&P 500 ilipoteza asilimia 9.1, kisha 16.9, kisha 7.5, Desemba ikapumua kidogo kwa faida ya 0.8, Januari ikapoteza 8.6 na Februari 11.0. Miezi sita, na kipimo kikawa kimepoteza asilimia 43. Ukiichana miezi hiyo na kuitawanya ndani ya miaka kumi, treni ile inatoweka, na mporomoko unaotoka unadanganya kwa upole. Kwa hiyo hachanganyi mwezi mmoja mmoja, anachanganya vifungu vya miezi mitatu au sita iliyofuatana, ili mabehewa yaliyokuja pamoja yaendelee kushikana.

Nilidhani tumemaliza, lakini alikuwa hajaigusa ile 0.87 aliyoipigia mstari mmoja. Uwiano wa Sharpe unaotoka kwenye orodha ni makisio, na makisio yana kosa lake, ambalo Lo alilieleza kwa urefu katika kazi nyingine ya mwaka 2002. Kwa miezi inayotawanyika kwa umbo la kengele bila kujuana, kosa la uwiano wa mwezi linapatikana hivi: chukua 1, ongeza nusu ya mraba wa uwiano, gawa kwa idadi ya miezi, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa 0.25 na miezi 12 linatoka 0.29. Kosa ni kubwa kuliko kinachopimwa. Ukilipeleka kwenye mwaka, tuna uwiano wa 0.87 wenye kosa la kama 1.02 huku na huku, kwa hiyo ukweli unaweza kuwa chini ya sifuri au karibu na 2, na orodha hii haina uwezo wa kutuambia ni upi. Nilimuuliza basi ni miezi mingapi inayotosha ili 0.25 iwe angalau mara mbili ya kosa lake. Akahesabu kwenye pembe ya karatasi: 66, miaka mitano na nusu.

Jioni hiyo aliwaandikia wadhamini kuhusu meneja halisi waliyemletea, ambaye naye alikuwa na mwaka mmoja tu wa kuonyesha. Barua ilikuwa fupi. Ilitaja uwiano na kosa lake, mporomoko uliopimwa kwa mwezi, mporomoko uliotokea katika kuchanganya, na kiasi cha mkopo alichokigundua. Chini ya hayo aliomba meneja arudi akiwa na miezi mingine 54.